Oda za Usiku

Saa tano usiku, simu ya Mangi wa Majengo, Moshi, bado inalia juu ya gunia la mchele. "Mangi, mafuta lita moja." "Mangi, umelala?" Alimjibu kila mtu, na bado asubuhi unga wa Mama Neema ukaishia kwa mwalimu.

Mkewe akamnyang'anya simu. "Baba Joshi, weka jibu moja lijitume: 'Oda nimeipata. Za baada ya saa tatu usiku zinatoka saa moja asubuhi.'"

Kulipokucha Mangi akazinakili oda zote daftarini, mtaa kwa mtaa, akafunga mifuko, bodaboda akazungusha mara moja. Usiku Mama Neema akasoma jibu, akaandika: "Haya, lala salama." Aliyenuna ni yule wa sigara mojamoja tu.