Azimio la Kamati na Barua kwa Benki: Kubadilisha Watia Saini wa Akaunti ya Kikundi

KIKUNDI CHA WANAWAKE WACHAKATAJI DAGAA TUJIKOMBOE
Mwalo wa Igombe, Kata ya Bugogwa, Manispaa ya Ilemela, Mwanza

MUHTASARI WA KIKAO CHA KAMATI TENDAJI KILICHOFANYIKA JUMATANO, TAREHE 4 MACHI 2026, SAA 9:00 ALASIRI, KWENYE GHALA LA KIKUNDI

Waliohudhuria ni wajumbe 8 kati ya 9. Bi. Neema Magesa alitoa udhuru, anauguza mtoto. Akidi ni theluthi mbili, hivyo kikao kilikuwa halali. Walialikwa na wakafika viongozi wawili waliomaliza muda wao: Bi. Leokadia Mtani, aliyekuwa Mwenyekiti, na Bi. Sofia Bwire, aliyekuwa Mhazini, ambaye alipanda meli ya asubuhi kutoka Nansio kwa ajili ya kikao hiki. Kikao kiliwekwa wiki hii ya mbalamwezi kwa sababu mitumbwi ya dagaa imepumzika na chanja ziko wazi. Giza likirudi hakuna mjumbe atakayepata saa mbili za kukaa.

1. Kufungua kikao
Mwenyekiti mpya, Bi. Perpetua Masanja, alifungua kwa sala na kuwakumbusha wajumbe kwamba Mkutano Mkuu wa Jumamosi, tarehe 28 Februari 2026, uliohudhuriwa na wanachama 41 kati ya 46, ulichagua viongozi wapya mbele ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Waliochaguliwa ni Bi. Perpetua Masanja (Mwenyekiti), Bi. Tabu Mabula (Katibu, anaendelea) na Bi. Kabula Lushinge (Mhazini).

2. Makabidhiano ya fedha na nyaraka
Bi. Sofia alikabidhi daftari la fedha, vitabu viwili vya risiti, cheti cha usajili wa kikundi, muhuri na sanduku la chuma pamoja na funguo zake mbili. Daftari lilionyesha shilingi 6,482,500 benki. Taarifa ya akaunti iliyochukuliwa tarehe 27 Februari ilionyesha 6,470,000. Pungufu ya 12,500 ilizua minong'ono, na haki yake ilikuwa kuzua. Risiti zilipitiwa moja moja. Ikaonekana kwamba michango ya tarehe 24 Februari iliandikwa daftarini kuwa imepelekwa benki, lakini siku hiyo mvua ilizuia safari ya mjini na fedha zikabaki sandukuni. Sanduku lilifunguliwa mbele ya wote, likahesabiwa na watu wawili tofauti, zikapatikana shilingi 49,700: ile 12,500 ikiwa kwenye bahasha yake, na 37,200 za matumizi madogo kama zilivyoandikwa. Hesabu zikakaa sawa. Kikao kilimshukuru Bi. Sofia, na Katibu anaomba ibaki kwenye kumbukumbu kwamba mama huyu ametunza fedha za kikundi tangu akaunti ifunguliwe mwaka 2019 bila kupotea hata shilingi moja.

3. Fomu zilizosainiwa zikiwa tupu
Jambo hili ndilo lililochukua muda mrefu, na linaandikwa kwa kirefu ili atakayesoma miaka ijayo aelewe.

Utaratibu wa zamani ulidai saini tatu kila mara: Mwenyekiti, Katibu na Mhazini, wote kwa pamoja. Bi. Sofia alipohamia Nansio mwezi Juni 2025 kumuuguza mama yake, kila senti iliyotakiwa kutoka ilimsubiri avuke ziwa. Mwezi Septemba tulikosa kununua nyavu za chanja kwa bei nzuri kwa sababu saini ya tatu ilikuwa kisiwani. Tangu hapo ukaanza mtindo wa Mhazini kuacha fomu za kutolea fedha zilizosainiwa, bila tarehe wala kiasi. Mwenyekiti na Katibu tulijua na tulikubali. Hakuna fedha iliyoibwa kwa njia hiyo, lakini fomu tupu yenye saini ni sawa na fedha iliyoachwa juu ya chanja usiku.

Zilibaki fomu tatu ndani ya mkebe wa biskuti. Zilitolewa, zikaonyeshwa kwa kila mjumbe, na Bi. Sofia mwenyewe akazichana. Bi. Zuhura Ramadhani aliuliza kama kuna nyingine popote. Bi. Sofia na Bi. Leokadia walijibu kila mmoja kwa kinywa chake kwamba hakuna. Hata hivyo iliamuliwa benki iarifiwe, ili fomu yoyote yenye saini za zamani isipokelewe.

4. Nani atie saini
Bi. Kabula alipendekeza tubaki na watatu kama zamani. Wajumbe wengi waliona tutarudi kulekule: mmoja akisafiri au akilazwa Bugando, kikundi kizima kinasimama. Pendekezo la pili lilikuwa wawili wowote kati ya wanne. Hili nalo lilikataliwa, kwa kuwa Mwenyekiti na Katibu wangeweza kutoa fedha bila upande wa hazina kujua. Baada ya mjadala ilikubaliwa watia saini wawe wanne katika makundi mawili, na kila malipo yawe na saini moja kutoka kila kundi. Mtu wa nne, kwa kura 7 na mmoja kutopiga, ni Bi. Zuhura Ramadhani, mjumbe wa kamati. Hana undugu wala ndoa na mtia saini mwingine, na anaishi hapahapa mwaloni.

5. Rejesho la mkopo
Kikundi kinarejesha shilingi 300,000 kila tarehe 15 kwa mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, fungu la wanawake. Tarehe 15 mwezi huu ni Jumapili, hivyo malipo yafanyike kabla ya Ijumaa tarehe 13 kuisha. Kama benki itakuwa haijakamilisha mabadiliko, wanachama 30 watatoa shilingi 10,000 kila mmoja, Mhazini alipe kwa wakala kwa kontroo namba, na warudishiwe kwa risiti akaunti ikifunguka. Hatutachelewesha rejesho kwa sababu ya makaratasi yetu wenyewe.

AZIMIO NA. 1/2026

Kwa kuwa Mkutano Mkuu wa tarehe 28 Februari 2026 umechagua viongozi wapya, na kwa mamlaka ya ibara ya 14 ya katiba ya kikundi, Kamati Tendaji imeazimia kwa kauli moja:

(a) Bi. Leokadia Mtani na Bi. Sofia Bwire waondolewe kuwa watia saini wa akaunti ya kikundi kuanzia siku benki itakapopokea barua yetu.

(b) Watia saini wawe: Kundi A, Bi. Perpetua Masanja na Bi. Tabu Mabula, Kundi B, Bi. Kabula Lushinge na Bi. Zuhura Ramadhani.

(c) Kutoa fedha au kuhamisha kwa kiasi chochote kuhitaji saini mbili, moja ya Kundi A na moja ya Kundi B, pamoja na muhuri wa kikundi. Saini mbili za kundi moja zisitoshe.

(d) Akaunti isiunganishwe na huduma ya kutoa au kutuma fedha kwa simu ya mtu mmoja. Meseji za miamala ziende kwa Mwenyekiti na kwa Bi. Zuhura.

(e) Mtia saini yeyote atakayeweka saini kwenye fomu isiyo na tarehe, kiasi na jina la mlipwaji aache utiaji saini mara moja, na Mkutano Mkuu uarifiwe.

Kikao kilifungwa saa 11:40 jioni.

Imesainiwa: Perpetua Masanja, Mwenyekiti (sahihi); Tabu Mabula, Katibu (sahihi). Muhuri wa kikundi umegongwa. Tarehe 4 Machi 2026.

KIKUNDI CHA WANAWAKE WACHAKATAJI DAGAA TUJIKOMBOE
Igombe, Kata ya Bugogwa, Ilemela

Kumb. Na. TUJ/BNK/01/2026
6 Machi 2026

Meneja wa Tawi,
Benki ya NMB,
Tawi la Kenyatta Road,
MWANZA.
(Kwa mkono)

Ndugu Meneja,

YAH: KUBADILISHA WATIA SAINI WA AKAUNTI YA KIKUNDI INAYOISHIA NA TARAKIMU 4417

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kikundi chetu kilifanya uchaguzi tarehe 28 Februari 2026, na Kamati Tendaji iliyoketi tarehe 4 Machi 2026 imepitisha Azimio Na. 1/2026 la kubadilisha watia saini. Namba kamili ya akaunti imeandikwa kwenye fomu ya mabadiliko tuliyoijaza. Hapa tumeifupisha kwa sababu nakala ya barua hii inabandikwa kwenye ubao wa ghala.

Tunaomba waondolewe Bi. Leokadia Mtani (aliyekuwa Mwenyekiti) na Bi. Sofia Bwire (aliyekuwa Mhazini). Wote wawili wamemaliza muda wao kwa amani, na wametia saini barua ya kukubali kuondolewa, ambayo tumeiambatisha.

Tunaomba waingizwe Bi. Perpetua Masanja (Mwenyekiti), Bi. Kabula Lushinge (Mhazini) na Bi. Zuhura Ramadhani (Mjumbe wa Kamati). Bi. Tabu Mabula (Katibu) anaendelea, ila atatoa upya sampuli ya saini yake kwa kuwa ile ya 2019 haifanani tena na anavyosaini leo.

Utaratibu wa zamani wa saini tatu ufutwe. Kuanzia sasa kila malipo yawe na saini mbili na muhuri: moja ya Bi. Perpetua au Bi. Tabu, na moja ya Bi. Kabula au Bi. Zuhura. Tafadhali msilipe fomu yenye saini za Bi. Perpetua na Bi. Tabu peke yao, wala ya Bi. Kabula na Bi. Zuhura peke yao, hata kama mleta fomu mnamfahamu kwa sura.

Tangu mtakapogonga muhuri wa kupokea barua hii hadi mabadiliko yakamilike, tunaomba fedha yoyote isitoke. Fedha za kuingia ziendelee kupokelewa kama kawaida. Miezi ya nyuma zilikuwepo fomu za kutolea fedha zilizosainiwa kabla ya kujazwa. Tatu zilizokuwa zimebaki zimechanwa mbele ya kamati, lakini ikitokea nyingine ikaletwa dirishani kwenu, naomba izuiwe na Mwenyekiti apigiwe simu saa hiyohiyo. Kitabu cha hundi hatuna.

Namba ya simu ya Bi. Sofia iondolewe kwenye meseji za miamala na ziwekwe namba mbili zilizo kwenye fomu. Tunaomba pia taarifa ya akaunti kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 hadi siku mabadiliko yatakapokamilika, kwa ajili ya wakaguzi wetu wa ndani.

Watia saini wote wanne watafika tawini Jumatatu tarehe 9 Machi saa 3:00 asubuhi wakiwa na vitambulisho vyao halisi vya NIDA. Tunaomba kwa heshima mabadiliko yakamilike kabla ya Ijumaa tarehe 13 Machi, siku ambayo tunapaswa kulipa rejesho la mkopo wa halmashauri.

Viambatisho: muhtasari wa kikao na Azimio Na. 1/2026, muhtasari wa Mkutano Mkuu pamoja na orodha ya mahudhurio, nakala ya katiba na cheti cha usajili, barua ya utambulisho ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, barua ya Serikali ya Mtaa, barua ya watia saini wanaoondoka, nakala za vitambulisho vya NIDA na picha mbili za pasipoti za kila mtia saini, fomu ya mabadiliko iliyojazwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Perpetua Masanja, Mwenyekiti (sahihi)
Tabu Mabula, Katibu (sahihi)
Kabula Lushinge, Mhazini (sahihi)

Nakala: Afisa Maendeleo ya Jamii, Kata ya Bugogwa, Bi. Leokadia Mtani, Bi. Sofia Bwire, Nansio. Ubao wa matangazo wa kikundi.