Joto, kazi na alama ya kutoa: maswali ya Jumamosi, Kidato cha Sita

Vijana, karatasi hii ni ya nyumbani. Majibu yako chini. Ukiyachungulia kabla hujashika kalamu, shauri yako.

Kwanza tuweke sawa jambo lililozua kelele wiki iliyopita. Kwenye Fizikia mnaandika ΔU = Q − W. Mkiingia Kemia mnakuta ΔU = Q + W, na nusu ya darasa inaamini mwalimu mmoja amekosea. Hakuna aliyekosea. W ya Fizikia ni kazi iliyofanywa na gesi: gesi inapanuka, inasukuma pistoni, inatoa nishati. W ya Kemia ni kazi iliyofanywa juu ya gesi: pistoni ndiyo inayosukuma, gesi inapokea. Ni kazi ileile, ila mmoja anaihesabu kama mwenye duka na mwingine kama mteja. Clausius alipoandika kanuni hii mwaka 1850, hoja iliyokuwa mezani ni injini za mvuke, na mwenye injini anataka kujua kazi anayoipata. Ndiyo maana kazi inayotoka ikapewa alama chanya.

Q haina ugomvi: joto likiingia ni chanya, likitoka ni hasi, kokote uendako.

Mimi mwenyewe nilipoteza alama tisa kwenye mtihani wa majaribio kwa sababu nilibeba W ya Kemia nikaitia kwenye fomula ya Fizikia. Hesabu zote zilikuwa safi, jibu likawa takataka. Tangu siku hiyo, kabla ya namba yoyote naandika kwa maneno: nani anamsukuma nani? Nanyi fanyeni hivyo. Nitasahihisha sentensi hiyo kabla sijatazama hesabu.

MASWALI

Tumia: joto mahususi la maji 4200 J/kg K, la samaki 3600 J/kg K, joto fiche la kuyeyuka kwa barafu 334 000 J/kg. Lita 1 ni 10⁻³ m³.

1. Mchuuzi wa feri Shangani ana kilo 10 za samaki zenye halijoto ya 29 °C. Anazifunika kwa kilo 2 za barafu ya 0 °C ndani ya boksi lisilopitisha joto. (a) Halijoto ya mwisho ni ngapi? (b) Alihitaji barafu kiasi gani ili samaki wafike 0 °C kamili?

2. Fundi baiskeli wa Chikongola anaziba mdomo wa pampu kwa kidole na kusukuma mpini. Kazi ya 120 J inafanywa juu ya hewa iliyo ndani, na 35 J za joto zinatoka kupitia bomba la pampu. (a) Tafuta ΔU kwa fomula zote mbili. (b) Mwenzenu mmoja alipata −155 J. Onyesha alipojikwaa.

3. Gesi ndani ya silinda inapokea 500 J za joto na kupanuka kutoka lita 3.0 hadi lita 5.0, kanieneo ikibaki 1.0 × 10⁵ Pa. Tafuta kazi iliyofanywa juu ya gesi, kisha ΔU. (Soma swali mara mbili.)

4. Gesi bora yenye atomu mojamoja inazunguka mstatili kwenye grafu ya kanieneo na ujazo: A (lita 2.0; 1.0 × 10⁵ Pa) → B (lita 2.0, 3.0 × 10⁵ Pa) → C (lita 5.0, 3.0 × 10⁵ Pa) → D (lita 5.0; 1.0 × 10⁵ Pa) → A. Tafuta W na Q za kila hatua, jumla yake, na ufanisi wa injini. Je, mzunguko ukigeuzwa kinyume, nini kinabadilika?

5. Injini ya dizeli ya boti inabana hewa ya 300 K hadi 1/16 ya ujazo wake, haraka kiasi kwamba joto halipati nafasi ya kutoka. Chukua γ = 1.40 na Cv = 20.8 J/mol K. Tafuta halijoto ya mwisho na kazi iliyofanywa juu ya kila moli.

6. Chombo kisichopitisha joto kina vyumba viwili: kimoja kina gesi bora, kingine kitupu kabisa. Ukuta wa kati unapasuka. Tafuta Q, W na ΔU, na ueleze kwa sentensi tatu.

MAJIBU

1. Usikimbilie kuandika mlinganyo. Uliza kwanza kama barafu yote itayeyuka. Kuyeyusha yote: 2 × 334 000 = 668 000 J. Samaki wakishuka hadi 0 °C wanatoa 10 × 3600 × 29 = 1 044 000 J. Wanatosha, kwa hiyo barafu inaisha na 376 000 J zinabaki kupasha samaki na yale maji ya barafu: 376 000 ÷ (36 000 + 8400) = 8.5 °C. Kwa (b): 1 044 000 ÷ 334 000 = kilo 3.1. Aliyesahau kilo 2 za maji kapata 10.4 °C; nawajua mko wengi.

2. Mkono unasukuma hewa. Fizikia: kazi ya gesi ni −120 J, basi ΔU = −35 − (−120) = +85 J. Kemia: ΔU = −35 + 120 = +85 J. Mwenzetu aliandika −35 − 120, yaani W ya Kemia ndani ya fomula ya Fizikia, kosa langu lilelile. Lakini angejiuliza tu: ΔU ikiwa hasi, hewa imepoa. Nani amewahi kushika pampu iliyotoka kazini akaikuta ya baridi?

3. Gesi inasukuma pistoni. Kazi ya gesi ni 1.0 × 10⁵ × 2.0 × 10⁻³ = 200 J, kwa hiyo kazi juu ya gesi ni −200 J. ΔU = 500 − 200 = 300 J. Aliyeandika +200 J kwenye sehemu ya kwanza hapati alama hata kama 300 yake ni sahihi.

4. Hapa W ni kazi ya gesi. Pande za wima hazina kazi, ujazo haujabadilika. ΔU ya kila hatua ni 3/2 ya badiliko la pV.

A→B: W = 0, Q = +600 J.
B→C: W = +900 J, ΔU = +1350 J, Q = +2250 J.
C→D: W = 0, Q = −1500 J.
D→A: W = −300 J, ΔU = −450 J, Q = −750 J.

Jumla: W = 600 J, Q = 600 J, ΔU = 0, kwa sababu gesi imerudi ilikoanzia. Ufanisi ni 600 ÷ 2850 = 21%. Msigawanye kwa 600. Joto lililoingia ni la hatua mbili za kwanza tu. Ukigeuza mzunguko, W na Q zote zinageuka alama: unaingiza 600 J za kazi na gesi inatoa 600 J za joto zaidi ya ililopokea. Umepata friji.

Mmoja aliniuliza kama hesabu hii inafaa kwa gesi ya Mnazi Bay. Swali zuri. Ile ni methani kwa sehemu kubwa, si ya atomu mojamoja, na chini ya kanieneo ya kisima haina tabia ya gesi bora. Kanuni ya kwanza inabaki vilevile. Ile 3/2 ndiyo inayokufa.

5. Pistoni inasukuma hewa, Q = 0. T = 300 × 16^0.40 = 909 K, karibu 636 °C; ndiyo maana dizeli inawaka bila plagi ya cheche. ΔU = 20.8 × 609 = 12 700 J kwa moli, na yote ni kazi iliyofanywa juu ya hewa: +12 700 J. Kwa fomula ya Fizikia W ni −12 700 J.

6. Hili sijalijibu makusudi. Mlilete Jumamosi saa mbili asubuhi, na sentensi ya “nani anamsukuma nani” ikiwa juu kabisa ya ukurasa. Kwenye swali hili itawapa shida kidogo.