Wanawake Watatu Waliochelewa

Mwanaidi mwanangu,

Baba yako kanipigia simu, kaniambia umepata D ya kemia kwenye moko na sasa unataka kufuta PCB kwenye fomu ya tahasusi uandike HGL. Sikukatazi. Historia ni somo zuri, na mjomba wako kalilishia watoto wanne. Ila uliniambia mwenyewe, tumekaa pale barazani, kwamba wewe "si wa sayansi". Neno hilo ndilo lililonikosesha usingizi, nikashika kalamu. Nakuandikia habari za wanawake watatu. Marie Curie simtaji, huyo mmeshamsoma kwenye vitabu hadi mnadhani ni yeye peke yake.

Wa kwanza ni Tebello Nyokong, aliyezaliwa Lesotho mwaka 1951. Utotoni alichunga kondoo milimani: leo shule, kesho malisho. Nataka ukae kidogo hapa, maana kisa chake kinakuhusu. Alipofika sekondari aliingia mkondo wa masomo ya sanaa, na ikawa imebaki miaka miwili tu amalize ndipo akaamua kuhamia sayansi. Hebu fikiria: wenzake wameshatangulia miaka mitatu na yeye ndiyo kwanza anafungua daftari la kemia. Mwaka 1977 alikuwa na shahada ya kemia na biolojia kutoka chuo kikuu cha kwao. Kisha akaenda Kanada kwa shahada ya uzamili, na mwaka 1987 akapata udaktari wa kemia.

Kazi yake imekaa kwenye rangi. Zipo kemikali ziitwazo thalosayanini, jamii ya zile rangi za buluu na kijani zinazotumika viwandani. Profesa Nyokong, katika Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika Kusini, anazichunguza zitumike kutibu saratani. Wazo lenyewe ni hili: dawa inaingizwa mwilini, inajikusanya kwenye uvimbe, halafu daktari anaumulikia uvimbe kwa mwanga mwekundu. Dawa ikipigwa na mwanga inaibadilisha oksijeni iliyo jirani ikawa kali, nayo inaziua seli za saratani. Pasipo mwanga, dawa imelala tu. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Lorial na Yunesko kwa wanawake wanasayansi. Mchunga kondoo!

Wa pili ni Tu Youyou wa China, na kwake wewe na mimi tuna deni. Ulipokuwa darasa la tatu ukalazwa na malaria, ukapona kwa dawa ya mseto, ile tunayoiita ALu. Nusu ya dawa ile imetokana na kazi ya mama huyu.

Alizaliwa mjini Ningbo mwaka 1930. Akiwa na miaka 16 alishikwa na kifua kikuu, akakaa nje ya shule miaka miwili. Anasema ugonjwa huo ndio uliomtia hamu ya kujua dawa. Akasomea famasia Beijing, akamaliza mwaka 1955. Hakuwahi kupata shahada ya udaktari, wala hakusoma ng'ambo.

Mwaka 1969 alikabidhiwa kuongoza kundi la watafiti katika mradi wa siri wa serikali. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na malaria ilikuwa ikiwamaliza askari porini huku klorokwini ikianza kushindwa. Alipelekwa kisiwani Hainan kuwaona wagonjwa. Mumewe alikuwa kapelekwa kazi ya mbali, kwa hiyo binti zao wadogo ilibidi walelewe na wengine. Alipokuja kuwaona, mdogo hakumtambua mama yake. Sikufichi hili, Mwanaidi. Kazi hii ina gharama zake, na wanawake huzilipa zaidi.

Yeye na wenzake walipekua vitabu vya kale vya waganga na kukusanya maelfu ya mapishi ya dawa. Mmea mmoja, pakanga tamu, ulionyesha matumaini kwa panya, kisha majaribio yaliyofuata yakashindwa. Akarudi vitabuni. Katika kitabu cha mganga Ge Hong, chenye umri wa zaidi ya miaka 1,600, akakuta maelekezo mafupi: chukua konzi ya mmea huo, loweka kwenye maji, kamua, kunywa juisi yake. Loweka! Hakuna palipoandikwa chemsha. Sisi mwarobaini tunauchemsha hadi sufuria inalia, na nao walikuwa wakichemsha vilevile. Akawaza kwamba huenda moto ndio unaoiua dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, kuitoa dawa bila joto kali. Oktoba 1971, sampuli namba 191 iliwamaliza vimelea wote kwenye panya. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake wakainywa wao kwanza kuona kama ni salama. Tuzo ya Nobeli ya tiba ilimfikia mwaka 2015, akiwa na miaka 84.

Ukinisikia nakukaripia kuhusu kusoma maelekezo ya jaribio hadi mwisho, ujue namkumbuka yeye.

Wa tatu unamjua jina, Wangari Maathai wa Nyeri, ila naamini unamjua nusu. Watu husema "yule mama wa miti" wakaishia hapo. Alikuwa mwanabiolojia. Shule yenyewe aliipata kwa sababu kaka yake aliuliza nyumbani mbona Wangari haendi. Alisomea biolojia Marekani, akarudi Kenya mwaka 1966 na barua ya ajira mkononi, akaambiwa nafasi kapewa mtu mwingine. Akaokotwa na idara ya anatomia ya wanyama, akawa anakata vipande vyembamba vya nyama na kuvitazama kwa hadubini. Mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati.

Akatoka kwenda kukusanya kupe, kwa utafiti wa ndigana kali ya ng'ombe. Huko mashambani akaona mito imejaa tope na ng'ombe wamekonda mbavu nje. Akaanza kujiuliza kama tatizo kweli ni kupe, au ni ardhi iliyovuliwa miti. Mwaka 1977 akaanzisha Vuguvugu la Mkanda wa Kijani. Yaliyofuata, pamoja na kipigo cha polisi na Nobeli ya amani ya mwaka 2004, utayasoma mwenyewe. Mimi napenda zile siku za kupe.

Sasa kuhusu D yako. Mwanafunzi hodari kuliko wote niliyesoma naye chuo cha maabara alirudia kemia mara mbili. Mimi mwenyewe molari zilinipiga chenga hadi kidato cha sita, na leo napima dawa za rangi kila asubuhi. Nilichogundua kwenye daftari lako ni kwamba unaruka vipimo, unaandika jibu tupu bila gramu wala mililita. Hilo linarekebishika kwa wiki tatu, nimewaona wengi.

Fomu usiijaze kabla ya Jumamosi. Njoo hospitali saa mbili asubuhi, nimeshaomba ruhusa kwa mkuu wa maabara. Nitakuonyesha slaidi ya malaria iliyopakwa Gimsa: kimelea kinakaa ndani ya chembe kama pete ndogo ya buluu, na nukta nyekundu pembeni. Vaa viatu vya kufunika vidole, na nywele uzifunge. Ukitaka HGL baada ya hapo, nitakununulia vitabu vyake mimi.

Shangazi yako,
Zuhura
Tanga