Ombi la ruhusa ya siku sita, kuanzia Jumatatu 2 Machi 2026

Neema Bukuru,
Kitengo cha mizani na ufungaji,
Ghala la dagaa, Kibirizi,
Kigoma.

12 Februari 2026

Meneja,
Ghala la dagaa, Kibirizi,
Kigoma.

Kupitia kwa: Msimamizi wa ghala

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA RUHUSA YA SIKU SITA KWA AJILI YA SHUGHULI YA MIRATHI, KASULU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba ruhusa kuanzia Jumatatu tarehe 2 hadi Jumamosi tarehe 7 Machi 2026, nirudi kazini Jumatatu tarehe 9 saa moja asubuhi. Baba yetu alifariki mwaka jana, na ukoo umepanga kikao Jumanne tarehe 3 kijijini kwetu Kasulu ili kumteua msimamizi wa mirathi. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na wadogo zangu hawako tayari kutia saini muhtasari wa kikao mimi nikiwa sipo. Baada ya hapo muhtasari unapelekwa kwa mtendaji wa kijiji ugongwe muhuri, kisha tunafungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Mtendaji akiwa na safari siku hiyo, siku nzima inapotea. Ndiyo maana sikuomba siku tatu.

Nimeusoma mkataba wangu na sikuona mahali panapotaja likizo. Kilichoandikwa ni kwamba asiyefika siku tatu bila taarifa amejiondoa kazini. Kwa hiyo nimeona niandike mapema, nisije nikaonekana mtoro.

Nilianza hapa tarehe 1 Septemba 2025 kwa mkataba wa miezi mitatu, nikaongezewa mwingine unaoisha tarehe 28 mwezi huu. Sijakosa kazi tangu nianze, na daftari la mahudhurio lipo kwa msimamizi. Hadi siku ya kuondoka nitakuwa nimevuka miezi sita kwa mwajiri huyohuyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtoa kwenye likizo ya malipo mtu ambaye hajafikisha miezi sita, lakini aliyeajiriwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri mmoja, vipindi vyake hujumlishwa. Likizo ya mwaka kwa sheria hiyo si chini ya siku 28. Najua mwaka wangu haujatimia na kwamba kupanga lini likizo ichukuliwe ni kazi ya ofisi, sitaki kubishana juu ya hilo. Ombi langu ni siku hizi sita zilipwe na zikatwe kwenye likizo nitakayostahili baadaye. Ofisi ikiona haiwezekani, nitazikubali bila malipo.

Jambo linalonipa wasiwasi zaidi ya malipo ni mkataba. Tumeambiwa kwa mdomo kwamba tutaendelea na kwamba mikataba mipya itasainiwa Jumamosi tarehe 28. Nitakuwepo na nitasaini siku hiyo. Naomba tu mkataba uanze tarehe 1 Machi kama wa wenzangu, usije ukasogezwa hadi nitakaporudi, maana hapo itaonekana niliacha kazi nikaajiriwa upya, na miezi yangu yote itahesabiwa kutoka mwanzo.

Kuhusu kazi, tarehe 3 Machi mwezi utakuwa mpevu. Wiki hiyo wavuvi wengi wanapumzisha mitumbwi, kwani taa haziwavuti dagaa kukiwa na mbalamwezi, na mzigo unaoingia ghalani huwa mdogo. Ningeomba siku za giza ningewaacha wenzangu pabaya. Viroba vya mzigo wa mwisho wa Februari nitavipima na kuvishona vyote kabla sijaondoka. Vile vya ukutani upande wa mlango, vilivyopata unyevu mvua ilipopiga, nitavifungua nivianike tena na kuvipima upya, kwa sababu uzito uliomo daftarini sasa ni wa dagaa wabichi kidogo na mnunuzi atatudai tofauti. Mwenzangu wa zamu ya mchana amekubali kushika mizani, na nimeshamwonyesha jinsi ya kutoa uzito wa kiroba kitupu.

Naomba jibu kwa maandishi, hata likiwa fupi chini ya barua hii, kabla ya Jumatano tarehe 25 Februari, ili niwajulishe ndugu kama kikao kibaki au kisogezwe. Kukitokea dharura ghalani wiki hiyo, msimamizi ana namba yangu ya simu. Mchana wa Jumanne pekee ndio sitaweza kupokea.

Natanguliza shukrani.

Wako katika kazi,

Neema Bukuru

Viambatisho: nakala za mikataba miwili; nakala ya cheti cha kifo; barua ya mtendaji wa kijiji kuhusu kikao cha ukoo.