Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: maana yake, na sentensi ya Bakari kwa msomaji wa Darasa la Tatu

Ndugu Mwalimu,

Sentensi uliyoitoa katika hadithi ya Bakari, ukitaka wanafunzi wako wa Darasa la Tatu waisome bila kukwama, ni hii:

"Baada ya kuhangaika Lindi, Dar es Salaam na hatimaye Tanga kwa muda wa miaka saba pasipo kupata kazi ya kudumu, Bakari, ambaye alipokuwa akiondoka Kilwa Kivinje aliapa mbele ya baba yake kwamba hatalishika tena jarife, alitambua kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, akarudi kwao."

Naanza na methali, kwa sababu sentensi haiwezi kurahisishwa kabla hatujakubaliana methali inafanya kazi gani mahali hapo ilipowekwa.

Methali hii ni ya mabaharia wa vyombo vya tanga vya pwani yetu, yaani majahazi na mashua. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, ile inayotangulia kukata maji. Tezi ni sehemu ya nyuma, upande wa usukani, ambayo wengine huiita shetri. Ngama ni mahali pa chini kabisa ndani ya chombo, ambapo maji yanayopenya hujikusanya. Jahazi hujengwa kwa mbao, na ingawa mafundi huziba nafasi kati ya ubao na ubao kwa kalafati, maji kidogo huingia tu, na mawimbi nayo huongeza mengine kutoka juu. Maji hayo yote huteremka ngamani, kama maji ya kuoshea sakafu yanavyokimbilia pembe iliyo chini kuliko nyingine. Lazima mtu ashuke huko ayachote na kuyamwaga baharini, kazi ambayo mabaharia huiita kufua maji, la sivyo chombo kitalemewa na kuzama.

Sasa methali inafunguka yenyewe. Baharia hana pa kwenda isipokuwa mbele na nyuma: huenda omo kushughulikia tanga au kutazama njia, huenda tezi kwa nahodha, lakini hata azunguke namna gani, atarejea ngamani, maana huko kuna kazi isiyoweza kuachwa. Kwa maneno mepesi, mtu anaweza kuhangaika huku na huku, akajaribu mahali pengi, lakini mwisho hurudi pale alipotoka au pale panapomhusu.

Naomba tusimame kidogo kwenye hiyo ngama, kwa sababu ndipo maelezo mengi ya vitabuni yanapopita haraka. Mara nyingi methali hii hufasiriwa kwa kifupi kwamba nyumbani ni nyumbani, na msomaji akabaki na picha ya mahali pa raha, penye kivuli na chakula cha moto. Ngama haiko hivyo. Ni mahali penye giza, unyevu na harufu ya maji yaliyolala, na hakuna baharia anayeteremka huko kwa kuwa pamemvutia. Anarudi kwa sababu chombo ni chake na maji yanangoja. Methali, kwa hiyo, haisifu nyumbani kwamba ni kuzuri. Inasema kwamba nyumbani hakukwepeki.

Ndiyo maana hutumika kwa sauti mbili zilizo tofauti kabisa. Mzazi anaweza kumwambia kijana anayefunga mizigo huku akidharau kwao, na hapo huwa onyo: nenda, lakini ipo siku utarudi. Mtu yuleyule anaweza kumwambia kijana aliyekwisha kurudi mikono mitupu, na hapo huwa faraja: usione haya, kila msafiri hurejea. Katika sentensi yetu methali haisemwi na mzazi. Bakari mwenyewe ndiye "alitambua". Hakuna anayemkemea wala anayembembeleza, bali ni yeye anayekiri neno ambalo pengine amelisikia tangu utotoni. Toleo la watoto lisipolinda jambo hilo litakuwa jepesi kusomeka, lakini litakuwa limebadili hadithi.

Kwa sababu hiyohiyo nisingependa methali yetu ibadilishwe kwa "Mkataa kwao ni mtumwa", ingawa najua wapo wanaozichukulia kuwa ndugu na ingawa maneno ya hii ya pili ni mepesi zaidi kwa mtoto. Hiyo ni ya kulaumu, na inamhukumu anayekana asili yake. Bakari aliikana kazi ya uvuvi, tena kwa kiapo, lakini hakukana kuwa mtoto wa Kilwa.

Kuna jambo jingine katika sentensi hii ambalo lilinifurahisha. Lindi iko kusini mwa Kilwa, ilhali Dar es Salaam na Tanga ziko kaskazini. Bakari amekwenda upande mmoja wa pwani, akaenda upande wa pili, na Kilwa Kivinje ikabaki katikati. Sijui kama mwandishi alikusudia, lakini safari yenyewe ni tezi na omo, na hilo litatufaa mbele.

Kuhusu maneno, mtoto wa miaka minane au tisa atakwama kwenye maneno matano. "Tezi" huenda amelisikia hospitalini likitajwa kwa uvimbe wa shingoni. "Omo" na "ngama" hajapata kuyasikia, hasa akiwa amekulia Tabora au Dodoma, ingawa mtoto wa Nungwi au wa Lamu, kunakojengwa majahazi hadi leo, anaweza kumfundisha mwalimu. "Marejeo" atadhani ni ile orodha ya vitabu inayowekwa mwishoni mwa kitabu. Jarife nalo ni wavu mkubwa wa samaki wakubwa, na kwa msomaji wa umri huu neno "wavu" linatosha.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika mpangilio kuliko katika maneno. Sentensi inaanza na jambo la katikati, yaani kuhangaika, inarudi nyuma kwenye kiapo kupitia "ambaye", kisha inaruka mbele kwenye utambuzi na kurejea. Msomaji mzima hulifuata hilo bila kulihisi. Mtoto anayesoma neno kwa neno, akifika kwenye "alitambua", atakuwa amekwisha kumsahau aliyetambua.

Toleo fupi kuliko yote lingekuwa hili: "Bakari alizunguka sana mijini, kisha akarudi nyumbani kwa sababu nyumbani ni kuzuri." Linasomeka kwa pumzi moja, na ningelikataa. Kiapo kimepotea, miaka saba imepotea, na sababu iliyotolewa si ya mwandishi bali ni ya yule mfasiri wa haraka niliyemtaja. Kurahisisha ni kupunguza mzigo wa lugha, wala hakumpi mtu ruhusa ya kupunguza yaliyotokea.

Hili ndilo toleo ninalolipendekeza, likiwa halina methali:

"Bakari alizaliwa Kilwa Kivinje, karibu na bahari. Baba yake alikuwa mvuvi. Bakari hakuipenda kazi ya uvuvi. Siku moja alimwambia baba yake, 'Baba, naapa sitashika tena wavu. Ninakwenda kutafuta kazi nyingine.'

Bakari alikwenda Lindi. Kisha akaenda Dar es Salaam. Mwishowe akaenda Tanga. Alitafuta kazi kwa miaka saba. Alipata vibarua vya siku chache tu, navyo vikaisha.

Bakari akakaa, akafikiri. Akasema moyoni, 'Nimekwenda kusini. Nimekwenda kaskazini. Nimezunguka sana. Sasa ninarudi kwetu.' Akarudi Kilwa Kivinje."

Sentensi moja imezaa nyingi, na hilo lisikutie shaka. Matukio sasa yanafuatana kama yalivyotokea, na kiambishi "-ka-" kinafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na "baada ya", "hatimaye" na "ambaye" kwa pamoja. "Pasipo kupata kazi ya kudumu" imekuwa vibarua vilivyoisha, kwa kuwa mtoto anakijua kibarua kabla hajajua maana ya ajira ya kudumu. Kusini na kaskazini zimeshika nafasi ya tezi na omo, tena bila kubuni chochote, kwa kuwa zimo kwenye ramani. Utambuzi umebaki moyoni mwa Bakari.

Kilichopotea ni ngama yenyewe, pamoja na ule ukali wake, na sioni njia ya kuurudisha bila methali. Kama ungependa watoto waondoke na methali pia, na kwa darasa la Kiswahili nadhani ingefaa, basi ongeza kipande hiki baada ya Bakari kufika:

"Baba yake alimpokea mlangoni. Akamwambia, 'Karibu, mwanangu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.'

Asha, mdogo wake Bakari, akauliza, 'Baba, ngamani ni wapi?'

Baba akajibu, 'Omo ni mbele ya jahazi. Tezi ni nyuma. Ngama ni chini kabisa, mahali maji yanapokusanyika. Baharia huenda mbele, huenda nyuma, lakini lazima arudi ngamani kuyatoa maji. Kaka yako naye alikwenda mbele na nyuma. Sasa amerudi, na kazi ipo.'

Bakari akacheka. Alikuwa akiyajua maneno hayo tangu zamani."

Nimemfanya Asha aulize, kwa sababu Bakari ni mtoto wa mvuvi na asingehitaji kuelezwa ngama. Swali likitoka kwake lingekuwa la uongo, na watoto hulihisi hilo upesi. Kipande hiki ni nyongeza, na kinaihamisha methali kutoka moyoni mwa Bakari hadi kinywani mwa baba yake. Nimeifanya ya faraja, si ya kumsuta, na ile sentensi ya mwisho imewekwa ili Bakari abaki mwenye kujua, asiwe mwenye kufundishwa. Kama katika kurasa zinazofuata baba bado ana kinyongo kuhusu kile kiapo, kipande hiki kitapingana nazo, na itabidi maneno hayo apewe bibi au jirani.

Ukichora picha ubaoni, chora jahazi lililokatwa ubavu ili ndani paonekane, uandike majina matatu mahali pake, na uweke maji kidogo ngamani. Katika maswali ya ufahamu, badala ya kuuliza "Methali hii ina maana gani?", swali ambalo watoto hulijibu kwa kukariri, ningeuliza, "Kwa nini baharia hawezi kukaa omo siku nzima?" Atakayejibu kwamba maji yatajaa na jahazi litazama, mpe swali la pili: "Je, unadhani ni kazi gani iliyokuwa ikimngoja Bakari Kilwa Kivinje?"