Hotuba ya Meneja wa Mradi katika Hafla ya Kuanza Ujenzi wa Mradi wa Maji ya Mserereko wa Vijiji Vinne

Mheshimiwa mgeni rasmi. Waheshimiwa viongozi wa kuchaguliwa na wa serikali. Wenyeviti wa vijiji vyote vinne. Viongozi wetu wa dini. Wazee wetu, kina mama, vijana na wanafunzi mliotembea asubuhi hii kuja kusimama nasi. Mkandarasi na mafundi wako. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Habari za asubuhi.

Nimepewa nafasi ya kueleza mradi huu ni wa nini, utajengwaje, na sisi tunaoujenga tunawaahidi nini. Naomba mnisikilize kama watu mtakaotudai, kwa sababu kila ahadi nitakayoitamka hapa imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa kila ofisi ya kijiji tangu jana jioni. Ikiwa nitasema jambo ambalo halipo kwenye karatasi, inueni mkono.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nianzie juu mlimani. Kwenye mto, pale penye mwamba mpana, tutajenga kidakio: ukuta mfupi wa zege wenye wavu wa chuma wa kuzuia majani na mawe. Toka hapo bomba kuu litashuka kilomita 11 hadi kwenye tangi litakalojengwa juu ya uwanja huu tuliosimama, tangi la lita 300,000. Kidakio kipo mita 140 juu ya tangi, kwa hiyo maji yatakuja yenyewe kwa mserereko. Wazee waliniuliza kwenye mkutano wa kwanza kwa nini hatuchimbi kisima na kufunga pampu, kazi ikaisha haraka. Pampu inataka mafuta au umeme kila siku, na inataka vipuri siku msiyoitarajia. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuona pampu nzuri kabisa zikiwa zimefungiwa kwenye vibanda kwa sababu ya kifaa kimoja kidogo kilichokosekana. Mlima wenu hauhitaji mafuta. Mahali penye mlima na mto usiokauka, kuchagua pampu ni kuwabebesha watu gharama wasiyoihitaji.

Mserereko una hatari yake pia. Kila mita 10 za kushuka huongeza presha ya takriban bar 1 ndani ya bomba. Kwa mita 140 tungefika bar 14, na bomba tulilolichagua limetengenezwa kwa bar 10. Ndiyo maana katikati ya njia kutakuwa na tangi dogo la kupunguza presha, ambapo maji yatapumua kabla ya kuendelea na safari. Mkiliona lile tangi na kujiuliza linafanya nini peke yake porini, sasa mnajua: bila hilo, bomba la chini litapasuka. Naomba mtu yeyote asilifunge wala asilichokoe.

Kabla ya kuingia kwenye tangi kubwa, maji yatapita kwenye chujio la mchanga. Vyumba vitatu, kila kimoja mita 12 kwa 7, vyenye mchanga safi uliochekechwa, na maji yanashuka ndani yake polepole, sentimita 15 tu kwa saa. Juu ya mchanga huo hujijenga utando wa viumbe wadogo mno, na utando huo ndio unaoshika na kuua vijidudu vingi. Vyumba viwili vinatosha kwa mahitaji yote, cha tatu kipo ili kimoja kikiwa kinakwanguliwa, maji yasikatike.

Wapo waliosema mchanga ni teknolojia ya zamani. Ni ya zamani kweli, na imepimwa na mauti yenyewe. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani. Mji huo ulikuwa unasambaza maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na watu zaidi ya 8,000 walikufa. Mji jirani wa Altona, uliopakana nao mtaa kwa mtaa, ulichota maji kutoka mto uleule, tena chini ya mahali Hamburg ilipomwaga maji yake machafu, lakini uliyapitisha kwenye mchanga. Altona iliponea kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mchanga tunauamini. Na baada ya mchanga tutaweka klorini kidogo, kiasi cha kubakiza miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita pale bombani, ili maji yaendelee kujilinda mpaka yafike kwenye ndoo yako. Kina mama, hapo kazi yetu inaishia na yenu inaanza: ndoo chafu inaweza kuharibu maji yaliyosafiri kilomita 11 na kusafishwa.

Kutoka kwenye tangi, mabomba ya kilomita 26 yatasambaa kwenye vijiji vinne na kufikia vichoteo 46, shule zote na kituo cha afya. Tumevipanga ili kaya isitembee zaidi ya mita 400 kufika bombani. Leo hii tupo watu 11,000 katika vijiji hivi; mradi umesanifiwa kuhudumia watu 16,000, kwa sababu watoto walio mbele yangu watakuwa na watoto wao.

Faida nyingine siwezi kuzipima kwa mita. Binti anayeamka alfajiri kwenda mtoni anafika shuleni amechelewa na amechoka, na mwalimu anamhesabu kama mvivu. Muuguzi anayezalisha usiku anahitaji maji yanayotiririka wakati ule ule anapoyahitaji. Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Mnapopokea mradi huu, pokeeni kama watu wanaopata stahili yao, na muwe na ujasiri wa kuhoji kama wenye mali.

Sasa nije kwenye ahadi.

Ya kwanza ni kwa ndugu zetu wa bondeni, wanaomwagilia kwa mto huu. Najua hofu yenu, na ni hofu ya haki. Tumepima mto kipindi cha kiangazi kwa miaka miwili mfululizo. Ulipopungua zaidi ulikuwa na lita 22 kwa sekunde. Mradi utachukua lita 7, basi. Valvu ya kidakio itawekewa kikomo hapo na kufungwa kwa kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa kamati ya maji, mwingine kwa wawakilishi wenu. Hakuna atakayeifungua zaidi bila ninyi kuwapo. Na kama mto utashuka kuliko tulivyowahi kuupima, atakayepunguziwa kwanza ni mradi, ili lita 10 kwa sekunde zishuke kwenu wakati wote. Alama ya kipimo itachorwa kwa rangi nyekundu ukutani, asome hata mtoto.

Ya pili ni ardhi. Hakuna mtaro utakaochimbwa kwenye shamba la mtu kabla hajalipwa fidia ya mazao na miti yake, mkononi mwake, mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Familia ambazo shamba ni la mke na mume, wote wawili watasaini. Njia ya bomba tayari tumeihamisha ili ipishe makaburi kwenye kijiji cha pili. Udongo wa juu, ule wenye rutuba, utawekwa upande wake na kurudishwa juu, usije ukazikwa chini ya kifusi.

Ya tatu ni ajira. Kazi zote zisizohitaji cheti zitafanywa na watu wa vijiji hivi vinne, na majina yatachaguliwa kwenye mkutano wa hadhara, si ofisini kwangu. Angalau theluthi moja watakuwa wanawake. Kazi sawa, malipo sawa, kila baada ya wiki mbili. Mkandarasi yupo hapa na amesaini hivyo. Zaidi ya vibarua, vijana 8, wawili kila kijiji, watakaa na mafundi kuanzia bomba la kwanza hadi la mwisho. Hawa ndio watakaoutunza mradi. Mafunzo ya wiki moja mwishoni, baada ya kila kitu kufukiwa, hayamfundishi mtu bomba limepita wapi.

Ya nne naisema taratibu ili isikike. Wanakuja wanaume wengi wageni kufanya kazi kwenye jamii yenye mabinti. Mfanyakazi yeyote, awe kibarua au mhandisi, atakayemsumbua au kumrubuni mtoto wa shule, ataondolewa kwenye mradi siku hiyo hiyo na kukabidhiwa kwa vyombo vya sheria. Hatutapokea suluhu ya kifamilia. Malalamiko ya aina hii yatapokelewa na dada mmoja wa ustawi wa jamii mwenye ofisi yake, hayatapitia kwangu wala kwa mkandarasi.

Malalamiko mengine, vumbi, kelele, mtaro ulioachwa wazi, ukuta uliopata ufa, yataandikwa kwenye daftari lililopo kila ofisi ya kijiji. Jibu ndani ya siku 7. Mitaro karibu na shule itafukiwa au kuzungushiwa uzio kabla ya jua kuzama. Kila mwezi tutasimama mbele yenu na kusema tumefika wapi, pesa gani imetumika kwa nini.

Kuna mambo siahidi. Mradi huu haupeleki bomba ndani ya kila nyumba. Wanaotaka watafungiwa dira baadaye kwa utaratibu wa kamati. Na maji hayatatoka mwezi ujao. Ujenzi ni miezi 18. Tangi litajazwa likiwa limekomaa, na kila kipande cha bomba kitajaribiwa kwa presha ya mara moja na nusu ya ile ya kazi kabla ya kufukiwa. Ukiona bomba limekaa wazi siku kadhaa, halijatelekezwa, linasubiri kipimo. Mkikuta mtu anafukia kabla ya kipimo, mnipigie simu. Baada ya makabidhiano, mkandarasi atawajibika kwa kasoro zote kwa miezi 12, na sehemu ya malipo yake tutaishikilia mpaka miezi hiyo iishe.

Nasi tunawaomba matatu. Mita 60 kuzunguka chanzo pasilimwe wala pasichungiwe. Sisi tutaotesha miti ya asili, ninyi mtailinda. Msijenge juu ya njia ya bomba. Na mlipie maji, kila ndoo, hata kidogo. Fedha hiyo itabaki kwenye akaunti ya kamati yenu, kwa ajili ya klorini, mafundi na valvu itakayochakaa miaka mitano ijayo, wakati mimi nitakuwa kwenye mradi mwingine na simu yangu iko mbali.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mstari wa chokaa pale mbele yako ni kona ya tangi. Makoleo yapo matano: la kwako, na manne ya wenyeviti wa vijiji. Baada yenu watafuata wale vijana 8, kisha mashine itaanza, kwa hiyo naomba watoto warudi nyuma ya kamba. Karibu sana.