Taarifa zako tunazitumiaje

Tunachoandika
Ukiagiza mtungi wa gesi, tunaandika jina, namba ya simu na mahali unapokaa. "Geti jekundu, nyuma ya msikiti" inatosha. Namba yako ya siri ya pesa za simu hatuiulizi kamwe. Anayeiuliza ni tapeli, hata akivaa fulana yetu.

Nani anaziona
Mhudumu anayepokea oda na bodaboda anayekuletea. Akishakabidhi mtungi, anwani yako inafutika kwenye simu yake. Namba za wateja hatuuzi.

Zinakaa muda gani
Miezi 12 tangu oda ya mwisho.

Ukitaka kuziona, kuzirekebisha au zifutwe
Mwambie mhudumu dukani. Tusipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi; Sheria ya mwaka 2022 inakupa haki hiyo.